Chuma cha Katikati

Kila asubuhi, kabla wanaume hawajaanza kushusha mzigo, Poni alivuta sumaku. Ilikuwa sumaku nzito iliyotolewa kwenye spika ya disko, imefungwa kwa kamba, naye aliiburuta juu ya vumbi jekundu la yadi ya vyuma chakavu kutoka langoni hadi kwenye mizani, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Misumari, vipande vya waya na unga wa chuma ulioanguka chini ya misumeno vilirukia sumaku na kuiotesha ndevu. Akifika mwisho alizing'oa ndevu zile ndani ya karai, akageuka na kuanza mstari mwingine.

Hakuwa amefika kwenye mizani alipomsikia mumewe akisema, "We!"

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeitwa kwa jina ghafla. Kisha nguzo ya chuma ikaanguka, na mlio wake ukaizunguka yadi yote.

Poni aliiacha kamba akakimbia. Lori la kutoka Koboko lilikuwa limeingia jana yake, limejaa mabati na mbao za ghala la zamani lililobomolewa kule, na wanaume walikuwa wamelianza kabla yeye hajamaliza kusafisha njia. Pitia, mumewe, alikuwa akirudi kinyumenyume, ncha moja ya nguzo begani, mwenzake Jale ameshika ncha nyingine. Hakuona ubao nyuma yake. Sasa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amemshika Jale shingoni, na ubao umening'inia chini ya buti yake kama kandambili kubwa.

"Usishtuke, mama," Jale alimwambia Poni. "Bwana yako amevaa kisigino ndefu. Leo ni bibi harusi."

Watu wakacheka. Pitia naye alicheka, lakini midomo yake ilikuwa imepauka.

Tongun alikuja akiwasukuma kando. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa yadi, na ndiye kaka mkubwa wa Pitia. Alikanyaga ubao kwa mguu wake mmoja, akashika kifundo cha ndugu yake kwa mikono miwili, akavuta juu. Msumari ulitoka. Ulikuwa msumari mnene wa inchi nne, mweusi kwa kutu, na ulikuwa umelowa kidogo sana.

"Iko sawa," Tongun alisema. "Hii buti iko na chuma ndani. Msumari imegusa ngozi tu."

Walimkalisha Pitia juu ya injini iliyokufa, wakamvua buti. Kwenye soksi kulikuwa na doa la damu lisilozidi punje ya haragwe, chini ya unyayo, pale penye nyama nene nyuma ya vidole. Poni alileta maji ya chumvi. Alitaka kuuliza kitu, lakini Tongun alikuwa ameshasema iko sawa, na watu walikuwa wameshaanza kurudi kazini.

Walikwenda kwenye duka la dawa lililoko barabara ya Dadamu. Muuzaji alimdunga Pitia sindano ya pepopunda, kisha akaangalia kitundu kile na kuuliza kama msumari ulikuwa umeingia ndani sana.

"Hapana," Tongun alijibu kabla ya mgonjwa. "Buti ilikuwa na chuma."

Basi muuzaji akasafisha juu, akafunga bandeji, akatoa vidonge vya kawaida. Yeye angefanya nini zaidi? Aliambiwa kuna chuma.

*

Buti zenyewe zilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Mwenye yadi, Muzamili, mtu wa Koboko ambaye kila mtu alimwita Afande ingawa mwanajeshi alikuwa baba yake, si yeye, alikuwa amechoka kuona wafanyakazi wake wakitembea juu ya misumari kwa ndala. Akanunua gunia la mitumba kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa pale pale mjini Arua. Zilikuwa za aina mbili. Nyingine nyeusi, nzito, ngozi yake imekakamaa. Nyingine za kijivu, nyepesi, zinakunjika mkononi kama za kuchezea mpira.

Katika yadi ile hakuna kilichoaminiwa kabla sumaku haijasema. Bomba linang'aa kama shaba: weka sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi, na aliyekileta ni mwongo. Sufuria ni alumini au bati? Weka sumaku. Watu wa kazi ile hawakuhitaji kusoma maandishi ya kitu chochote. Sumaku ilikuwa imewasomea maisha yao yote, na haikuwa imewadanganya.

Tongun alizimwaga buti chini na kuzipitisha moja moja. Nyeusi, kwenye pua: tak! Chini ya soli, katikati: tak! Za kijivu alizipima puani, katikati, kisiginoni. Kimya.

"Hii ni plastiki tupu," alisema, akaitupa. "Ni ya watu ya ofisi. Hii nyeusi ndiyo buti ya wanaume. Iko na chuma mbele na iko na chuma chini."

Wabebaji na wakataji wakapewa nyeusi. Za kijivu walipewa mlinzi wa lango na wanawake waliokaa chini wakichambua sufuria na waya. Ya Poni ilikuwa kubwa, akaijaza matambara.

"Mke wangu sasa anatembea kama bata," Pitia alimtania siku ile. Lakini walipofika nyumbani alivua zake nyeusi akazisukuma mbele yake. "Chukua wewe. Mimi mguu yangu imeshazoea."

Tongun alikuwepo, akakataa. "Mwanamke anakaa chini anachagua sufuria. Msumari utamfuata?"

Na Poni alikuwa amesema tu, "Shemeji anasema kweli."

Ndivyo alivyokuwa. Alivuka mpaka kutoka Sudan Kusini akiwa msichana, na shangazi aliyemvusha alimfundisha kwamba mgeni hubebwa na ulimi mfupi. Alipoolewa na Pitia kijijini kwao Lurujo, watu walimsifu: mke huyu hana maneno. Hakuna aliyeuliza maneno yake yalikuwa yamekwenda wapi. Akitaka kitu kweli, alikisema kwa kinywa cha mwingine. Mama anasema mvua itanyesha, tuvune. Jirani anasema mtoto huyu ana homa. Pitia peke yake ndiye aliyemjua, na mara nyingi alimsubiri amalize kisha akamuuliza, "Na wewe, Poni? Wewe nasema nini?"

Naye angecheka na kuinua kikapu chake.

*

Kitundu kilifunga haraka. Hilo ndilo lililowadanganya. Ngozi ilijiziba juu, ikawa na alama ndogo kama ya ndui, na Pitia akarudi kubeba nguzo. Kisha akaanza kukanyagia kisigino. Kisha Poni akawa anamwona akisimama nyuma ya lori, ameushikilia mguu kwa mikono miwili kama mtu anayejaribu kunyamazisha mtoto.

"Jirani anasema twende hospitali," alimwambia.

"Jirani yuko na kazi yake. Tongun alisema msumari haikuingia."

Mguu ulipokataa kuingia kwenye buti, alikwenda na Poni nyumbani Lurujo kupumzika. Mama yake, Viktoria, alimchemshia majani, akamfunga mguu kwa kitambaa cha moto, akamwombea kanisani. Alirudi Arua amekaa nyuma ya boda, kati ya dereva na Poni, kichwa chake kimelala mgongoni mwa dereva, na mguu ule umevimba na kung'aa kama kiazi kilichooshwa. Harufu ilijulikana kabla bandeji haijafunguliwa.

Hospitalini, daktari wa wodi alikuwa mwanamke mpole mwenye macho yaliyochoka. Aliwaonyesha picha ya eksirei dirishani. Mifupa mingine ilikuwa myeupe na mizima. Ile ya nyuma ya vidole ilionekana kama mbao zilizoliwa na mchwa.

"Msumari ulifika kwenye mfupa," alisema. "Na ulipopita kwenye kiatu ulisukuma ndani vipande vya soli, na uchafu wake. Ngozi ikafunga, uchafu ukabaki. Sasa mfupa unaoza. Dawa peke yake haifiki huko. Ukikubali leo, nitaondoa vidole hivi na mifupa hii, nijaribu kukuachia kisigino."

Pitia alitikisa kichwa. "Dokta, mimi nakuheshimu. Lakini ile buti iko na chuma. Msumari iligusa ngozi tu. Hii kitu ni nyingine. Labda ni sumu ya nyoka, labda ni mtu. Mfupa utaoza namna gani?"

"Mfupa umeoza, ndugu yangu. Mimi nauona."

"Uliza kaka yangu. Yeye alipima."

Tongun alikuwa amesimama penye mlango, kofia mkononi. Alikuja kila siku na chakula. Alizungumza habari za mvua, za lori lililokwama njia ya Koboko, za mbuzi wa Viktoria. Alipoulizwa alisema, "Chuma ilikuwepo. Sumaku ilishika." Akatazama sakafu.

Hakusema uongo. Sumaku ilikuwa imeshika.

Basi vidole havikukatwa. Siku zikapita, dawa zikining'inia kwenye mti wa chuma kando ya kitanda, na wekundu ukapanda juu ya kifundo. Poni alilala chini kwenye mkeka, chini ya kitanda, pamoja na wauguzaji wengine, ndugu wa wagonjwa. Aliifahamu homa ya mumewe kwa kusikiliza jinsi meno yake yalivyogongana huko juu. Daktari alirudi, akaupapasa mguu, akaacha kuongea habari za vidole.

"Sasa ni chini ya goti," alisema. "Sumu imeanza kuingia kwenye damu. Ikifika mbali zaidi sitakuwa na cha kukata. Siwezi kumkata mtu mzima mwenye akili zake kama hataki. Zungumzeni."

Wakabaki wawili.

"Dokta anasema ukikataa utakufa," Poni alisema.

"Nimesikia dokta. Wewe nasema nini?"

Aliufunua mdomo. "Sista naye anasema hivyo hivyo."

Pitia aligeukia ukuta. "Mtu ya skrepa na mguu moja," alisema taratibu. "Atabeba nini? Atakuwa anakaa langoni anahesabu ndege. Na bure. Bure, Poni, kwa msumari iliyogusa ngozi."

*

Asubuhi iliyofuata Tongun alimwambia Poni, bila kumtazama usoni, kwamba buti za Jale zilikuwa zimepasuka, na kwamba zile za Pitia zinakaa tu. "Ni buti nzuri. Wacha Jale atumie mpaka mwenyewe apone."

Poni akaenda kuzichukua chumbani kwao. Zilikuwa chini ya kitanda, na vumbi la siku ile bado limo kwenye kamba zake. Akakaa kizingitini kuzifuta. Kwenye soli ya mguu wa kulia palikuwa na tundu, mbele, pale unyayo unapopanuka. Alitia kidole ndani ya buti, akavuta kile kitambaa cha kukanyagia. Nacho kilikuwa na tundu, na pembeni yake utepe mwembamba wa rangi ya kutu uliokauka.

Alichomoa njiti kwenye ufagio, ngumu na ndefu, akaiingiza kwa nje. Aliisukuma akitegemea ikwame kwenye chuma. Haikukwama. Ilipita kwenye mpira, ikapita kwenye kadibodi laini, ikatokea ndani ya buti na kusimama pale, imenyooka.

Poni aliigusa ncha yake kwa kidole.

Hakujua aseme nini, wala kwa kinywa cha nani. Mama hakuwa amesema, jirani hakuwa amesema. Akazibeba buti hadi yadini, akiwa na zake za kijivu miguuni zikimpwaya, akaiweka ile ya kulia juu ya meza ya mizani, njiti ikiwa bado imesimama ndani yake. Akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono ameikunja.

Jale ndiye aliyeiona kwanza. Akainama, akachungulia kwa chini, akachungulia kwa juu.

"Foreman," aliita. "Chuma iko wapi?"

Tongun alikuja akijifuta mikono. "Chuma gani?"

"Ya buti. Hii kijiti imepita kama inapita kwa maandazi."

"Buti iko na chuma!" Tongun aliinua sauti hata waliokuwa juu ya lori wakageuka. "Mimi nilipima kwa mkono yangu. Lete sumaku."

Wakaleta. Aliiweka chini ya soli, katikati, pale mguu unapofanya upinde. Tak! Akawatazama wote. Kisha, kwa sababu njiti bado ilikuwa imesimama mbele yake, akaisogeza sumaku polepole kuelekea kwenye tundu. Iliponyoka. Ikaning'inia kwenye kamba yake, haina kitu. Akairudisha katikati: tak! Akaipeleka kisiginoni: kimya. Akaipeleka puani: tak! Kati ya pua na upinde, upana wote wa unyayo, hakuna.

"Kisu," alisema.

Aliipasua buti ya ndugu yake mbele ya watu wote, akiing'ang'ania kati ya magoti kama mtu anayechuna mnyama. Mpira ulitoka vipande vipande. Ndani, katikati peke yake, kulikuwa na kipande cha chuma chenye upana wa vidole viwili na urefu usiozidi wa kijiko, kimejikunja kidogo. Kilianzia mbele kidogo ya kisigino, kikaishia pale nyama ya mbele inapoanza. Tundu la msumari lilikuwa mbele yake, karibu sana. Kidole kimoja kingetosha kuziba nafasi iliyokuwa kati yao.

Afande Muzamili alikuwa ametoka ofisini kwake. Alikiokota kile kipande, akakipangusa kwa kanzu.

"Hii naijua," alisema kwa sauti ya chini. "Baba alipokufa tulichoma buti yake ya jeshi. Ngozi iliisha, mpira uliisha, ikabaki hii. Hii ni uti wa mgongo wa kiatu. Ukipanda ngazi, ukikanyaga sepetu, kiatu isivunjike katikati, mguu isichoke. Basi. Kazi yake ni hiyo. Haikuwekwa kwa msumari."

"Na ya msumari iko wapi?" Jale aliuliza.

Poni alijikuta anaangalia miguu yake. Aliukumbuka msumari alioukuta siku moja umesimama kwenye soli yake, akauchomoa kwa koleo, akamshukuru Mungu kwamba ulikuwa umeingia upande. Aliinama, akafungua kamba. Akaitoa buti ya kijivu, akayatoa matambara, akaiweka mezani bila neno, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Tongun aliutafuta ubao wenye msumari wa inchi nne. Haukuwa mbali, siku zote haukuwa mbali. Akaiweka buti ya kijivu juu ya ncha, akatia kipande cha gogo ndani yake, akapanda kwa mguu mmoja na kujiachilia kwa uzito wake wote. Msumari uliingia kwenye mpira na kusimama. Akajisukuma chini tena, ameshika bega la Jale. Msumari ulipinda pembeni.

Akapasua na ile. Kisu kilipita kwenye mpira vizuri, kisha kikakataa. Chini ya kitambaa cha kukanyagia kulikuwa na nguo ngumu, nene, ya manjano, iliyofumwa safu juu ya safu na kubanwa pamoja, imeshonewa kwenye kiatu kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, ukingo hadi ukingo. Haikuacha pa kupita. Na puani mlikuwa na gamba la plastiki gumu kama pembe. Tongun aliweka sumaku juu ya vyote. Kimya, kama siku ile.

"Ni nguo," Afande alisema. "Nguo tu. Labda msumari mwembamba, ile ya fundi viatu, inaweza kupita hapa. Lakini hii ya paa, hapana. Na ziko buti zingine zenye bati nyembamba ndani, soli yote. Ile sumaku ingeshika kila mahali, si katikati."

Jale alikuwa ameanza kuvua buti zake nyeusi kwa haraka. Alivua moja, akasimama na soksi kwenye vumbi, kisha akakumbuka amesimama wapi, akaivaa tena.

Tongun aliketi chini pale pale, na kile kipande cha chuma kiganjani. "Nilikuwa na macho," alisema. "Hapa chini ya buti imeandikwa inazuia nini, hapa ndani kwa ulimi imeandikwa. Nikasema, sumaku ndiyo inajua." Alijaribu kuendelea, sauti ikakatika. Baadaye akasema, "Shemeji, usimwambie. Akisikia hiyo, atakufa na hasira juu yangu."

Poni alivaa buti moja ya kijivu iliyobaki, na kwenye mguu mwingine akavaa ndala ya zamani ya Jale. Alikichukua kile kipande kiganjani mwa Tongun, akakirudisha mahali pake ndani ya buti nyeusi iliyopasuliwa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Twende, shemeji," alisema. Lilikuwa neno dogo, lakini Tongun aliinuka.

*

Wodini ilikuwa saa ya dawa. Pitia alikuwa macho, macho yenyewe yaking'aa kupita kiasi, na pumzi zake zilikuwa fupi kama za mbwa juani. Wekundu ulikuwa umefika katikati ya ugoko. Sista alipomwona Poni alisimama kidogo, akaendelea na toroli lake.

Poni aliketi ukingoni mwa kitanda, akatoa buti kwenye mfuko, akaiweka juu ya shuka. Aliuchukua mkono wa mumewe, ambao ulikuwa moto na mkavu, akakipeleka kidole chake kwenye kipande cha chuma, akakipitisha toka mwanzo hadi mwisho wake. Ilikuwa safari fupi. Kisha akakisogeza mbele, kikaingia kwenye tundu.

Pitia alikiacha kidole chake pale.

"Ndiyo hii tu?" aliuliza.

"Ndiyo hii tu."

"Na mbele?"

"Mbele ni mpira."

Akageuza kichwa. Tongun alikuwa penye mlango tena, kofia mkononi.

"Kaka. Karibu hapa."

Tongun alikuja. Alianza kusema habari za lori, akaziacha nusu ya sentensi.

"Msumari iliingia yote?" Pitia aliuliza.

"Iliingia yote."

"Wewe ulijua?"

"Leo ndiyo nimejua. Sumaku ilishika katikati, nikasema imeshika." Alifinya kofia. "Mimi ndiyo nilikupa hiyo. Na nilimwambia mtu ya dawa, na nilimwambia dokta. Mdomo yangu."

Pitia hakumtukana. Alifumba macho, na machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali na hakuwa na nguvu za kuyafuta. Poni aliyafuta kwa kanga.

"Kumbe mfupa," alisema Pitia. "Kumbe yule mama dokta alikuwa anaona kweli." Kisha, baada ya pumzi nyingi fupi: "Nilikuwa nasema ni bure. Kama ni bure, nisikubali. Sasa si bure. Lakini hata hivyo nitarudi Lurujo namna gani? Wewe utakuwa mke ya mtu ya namna gani? Watu watakuonea huruma kila siku mpaka uchoke na mimi."

Daktari alikuwa ameingia. Alisimama mwisho wa kitanda, faili kifuani, akisubiri. Yake alikuwa amekwisha kuyasema yote.

"Dokta anasema..." Poni alianza.

"Najua dokta anasema nini." Pitia alifumbua macho. Alimtazama kama alivyomtazama miaka yote, kwa subira ile ile, ingawa sasa subira yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa na mwisho. "Poni. Wewe nasema nini?"

Wodi ilikuwa na watu wengi. Wauguzaji walikuwa wameacha kuosha vyombo. Shingo ya Poni iliinama yenyewe kutafuta kikapu, mtoto, kitu chochote cha kuinua. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na mkono wa Pitia tu.

"Mimi nasema wakate," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na hakuirudisha. "Si dokta, si sista. Mimi. Wakate leo, sasa hivi. Mimi sikuolewa na mguu, Pitia. Nakupenda, na ninaogopa, na sitaki kurudi Lurujo nyuma ya jeneza yako. Nataka uishi."